Mlangoni mwa Zizi

Steinunn alichaguliwa kuongoza msako wa vuli, wa kuwateremsha kondoo kutoka mlimani, na mtu wa kwanza ambaye yeye alimkatalia kwenda alikuwa baba mkwe wake.

Mzee Thorgils alishatandika farasi. Macho yalikuwa yamembakishia mwanga kiduchu. Hata tandiko alilifunga kwa kupapasa.

"Baba, huendi."

"Mlima huo nimeupanda wewe hujazaliwa!"

"Najua. Ila huendi, na sikudanganyi kwamba tutaona kesho. Ukipotea kwenye ukungu, sote tutawaacha kondoo tukutafute wewe."

"Basi nikae na paka!"

"Kaa mlangoni mwa zizi la kugawia," Steinunn alisema bila kupandisha sauti. "Kila mwaka watu wanagombana kondoo ni wa nani. Alama za masikio za mashamba yote unazijua wewe. Nakuhitaji pale, baba."

Mzee akafungua tandiko polepole. Hata kwaheri hakumpa.

Lakini kondoo waliposhuka, alikuwa mlangoni. Kila aliyeletwa alimpapasa sikio pale lilipokatwa, akataja shamba lake. Hakukosea hata mmoja, na hakuna aliyegombana.

Steinunn akamletea kahawa. Mzee akaipokea, akamshika mkono.

"Asante, mwanangu. Mlima unaonekana leo?"

Steinunn hakumdanganya. "Wote, baba. Mpaka theluji ya kileleni."

Mzee akatabasamu, akainua uso autazame. Alikuwa ameupa mgongo.