Jiwe la Doreen

Enzi zake, kila asubuhi ya takwimu za mfumuko wa bei, Doreen alimletea mumewe Clifford chai na kusimama mlangoni mpaka Clifford afunge biashara zake zote za sarafu mtandaoni.

"Funga, baba. Wakubwa hao wa benki hawakujui."

Sasa Doreen yuko kaburini bila jiwe, na Clifford alitaka jiwe hilo litoke kwenye pauni ya Uingereza. Aliiuza akiamini itashuka ainunue tena kwa bei ya chini, akaweka kikomo cha hasara karibu na bei: ikipanda hadi hapo, biashara ijifunge yenyewe.

Takwimu zilipotoka, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza lilipanuka ghafla. Bei ya kununua ikaruka, ikapita kikomo chake, na biashara ikafungwa kwa hasara kubwa kuliko aliyoipanga. Kufumba na kufumbua, pauni ikaporomoka, yeye akiwa ameshatolewa.

Akampigia simu dalali wake. "Wezi nyie! Imeshuka, si nilisema?"

"Ulisema kweli, mzee. Lakini sekunde ile hakukuwa na muuzaji kwa bei yako. Pole."

"Pole yako kajengee kaburi!"

Akakata simu, akawalaani wa benki na wa serikali mmoja mmoja. Kisha akautazama mlango mtupu.