Bomba Lililolala

Wiki ya tatu baada ya kumzika mkewe Beryl, Merv Tolhurst alikuwa na lasanya kumi na moja kwenye friza na hamu ya hata moja hana. Majirani wa mtaa wake pale Toowoomba walizileta kwa zamu, kila sahani imebandikwa chini jina la mwenyewe, ungedhani mji mzima umeacha kulala ili upike. Kila asubuhi alikata kipande, akakifunga, akaenda nacho kazini. Cha jirani Maureen au cha kanisani, mdomoni kilikuwa kitu kimoja: kitu laini cha moto. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na kwingine kote vilevile.

Kazini ndiko kulikokuwa na unafuu. Alichora kwenye kompyuta mabomba ya hospitali mpya, katika kibanda cha bati kando ya jengo lenyewe, na humo hakikuwamo kiti cha Beryl. Nyumbani kilikuwamo. Ndiyo maana simu ya bosi wake Noelene, wiki iliyopita, ilimtisha kuliko mazishi. Merv alikuwa amesahau sinki mbili nzima kwenye mchoro.

"Merv, mpenzi," Noelene alisema, "ukikosea tena nakupeleka likizo ya mwezi. Na sikuombi."

Mwezi mzima, yeye na kile kiti.

Jumanne ilikuwa siku ya kikao cha dari. Kila fundi alileta mchoro wake: Merv mabomba, Dimitra Kalafatis dakti, yaani yale masanduku marefu ya bati yanayopitisha hewa, wengine zimamoto na umeme. Tevita Fonua, Mtonga mpana ambaye viti viwili vya ofisi vilikwisha kumshindwa, aliirundika michoro yote pamoja, na programu ikatafuta ni wapi vitu viwili vimegombea nafasi moja. Kutoka zege la juu hadi dari kulikuwa na milimita mia tisa tu, na wote walitaka kupita humo. Mara ya kwanza migongano ilikuwa elfu nne na mia mbili, na kuna watu wataapa kwamba siku hiyo hata ua la plastiki pale pembeni lilinyauka.

Ukutani ilibandikwa orodha ya nani apite kwanza, yenye saini za wote. Juu kabisa maji taka, kwa kuwa yanakwenda kwa uzito wake na hayawezi kupanda kilima. Kisha dakti kubwa. Kisha bomba la zimamoto, kisha treyi za nyaya, na mwisho vibomba vya maji ya kunywa, ambavyo vina msukumo na vinakunjika popote. Wa chini humpisha wa juu. Kwa miezi minne Merv alikuwa amewahamisha wote kwa orodha hiyo, akiwakenulia meno.

Leo Tevita alibonyeza, akasubiri, akaegemea kiti cha tatu.

"Sifuri," alisema. "Ukanda wa wodi ya wazazi, sifuri. Sijawahi kuiona hiyo namba."

"Ipige picha, kaka, haitarudi," Dimitra alisema. Alikwisha fungua faili la karakana. Saa nane angelituma, na mashine ingekata bati siku hiyohiyo. "Mzee Merv, hata wewe leo hujamhamisha mtu. Unaumwa?"

"Siumwi," Merv alisema, akatafuna.

Tevita alikuwa ameacha ukutani picha ya ukanda uliokatwa ubavu. Bomba la Merv lilitoka kwenye vyoo vya ghorofani, likakata korido kwenye mita ya tisa juu ya dakti ya Dimitra, likaingia kwenye shimo la kushukia mita ya kumi na mbili. Mwanzoni pameandikwa 150 kutoka kwenye zege. Mwishoni pameandikwa 150.

Merv aliziangalia namba hizo kama mtu anayeangalia mvua ya mji mwingine. Alilichora upya wiki ile ya mazishi, shimo lilipohamishwa, na mteremko akauacha sifuri. Bomba lilikuwa limelala. Na kwa kuwa limelala, halikumgusa mtu. Programu huuliza kama vitu viwili vimekaa pahali pamoja. Haiulizi kama maji yatakwenda.

Alijua yatakayofuata. Mafundi wangefika na mabomba, wakute dakti imekwisha ning'inizwa, nafasi ya mteremko haipo. Wangelifunga hivyohivyo. Na mzigo wa vyoo kumi na vinane ungetulia juu ya vichwa vya watoto wachanga. Wakati huo lawama zingekwenda kwa mafundi. Yeye angebaki hapa kibandani, na kipande chake cha lasanya.

Saa nane kasoro dakika nne. Alikiwazia kile kiti. Dimitra akanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Usitume," Merv alisema. Haukuwa ujasiri. Neno lilitoka tu, kama chafya.

"Kama unataka kunigawia hiyo lasanya, subiri kwanza nitume."

"Bomba langu halina mteremko. Nililichora limelala, mwanzo mpaka mwisho."

Tevita aliliinamisha bomba, moja kwa sitini, milimita mia mbili kwa mita zote kumi na mbili. Kwenye mita ya tisa lilishuka mia na hamsini, likageuka jekundu. Lilikuwa limezama ndani ya dakti zaidi ya sentimita kumi.

"Kwa hiyo," Dimitra alisema taratibu, "umekosea wewe, nahama mimi."

Tevita alielekeza kalamu ukutani. "Orodha haiulizi nani kakosea, dada."

"Najua inavyosema. Nilisaini kwa mkono huuhuu." Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Siwezi kushuka, chini yangu kuna treyi ya nyaya. Nitaibana hapo mnapokutana, kama mita tatu. Kimo kutoka mia nne kiwe mia mbili na hamsini, na upana uongezeke kutoka mia nane hadi elfu moja na mia nne. Tumbo libaki palepale. Zimamoto asogee pembeni."

"Zimamoto kasikia," alisema yule wa zimamoto, "na zimamoto kanuna."

"Nuna ukichora. Na mimi sitatuma kitu mpaka mhandisi akubali hewa ipite hapo."

Merv alitoka nje kwenye baridi ya Julai, akampigia Noelene kumweleza yeye mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

"Bati limekatwa?" Noelene aliuliza.

"Bado."

"Malizia mteremko, kisha nenda nyumbani. Mwezi, Merv. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alisema.

Alirudi ndani, akaweka mteremko, akapima namba za mwanzo na za mwisho mara tatu. Tevita alibonyeza tena: migongano saba. Alipokuwa anavaa koti, Dimitra hakugeuka.

"Ijumaa nitakutumia mchoro nyumbani, uangalie hizo namba zako," alisema. "Nikilikuta limelala tena nitalikata kwa meno."

Saa kumi jioni alikuwa jikoni kwake. Kiti cha Beryl kilikuwa pale dirishani, na mto wake umebonyea. Merv alipasha lasanya, akasimama nayo kidogo, halafu akakikalia. Alikula kijiko kimoja. Cha pili akakishika mdomoni, akakunja uso.

Chumvi ilikuwa nyingi mno. Akainua sahani kuangalia chini ni ya nani.