Asali ya Mama Makrina

Aurelia aliuza asali na sukari guru sokoni Nachingwea, akiwahakikishia wenye kisukari kwamba hivyo havina madhara kama sukari nyeupe. Siku alipomsindikiza jirani na mteja wake mwenye kisukari, Mama Makrina, kliniki, kipimo kilionyesha sukari imepanda sana.

“Sukari nimeacha kabisa,” Makrina alijitetea. “Natia asali tu kwenye chai na uji.”

“Asali, sukari guru, hata sukari ya kahawia, zote hupandisha sukari mwilini, mama,” muuguzi alisema. “Madini yake ni machache mno kukusaidia. Nani alikudanganya?”

Makrina hakumtaja rafiki yake. Aurelia alitamani ardhi immeze.

“Ni mimi,” alisema, macho chini.

Makrina alimshika Aurelia mkono kumwinua kitini, na huruma ile ikamuumiza kuliko lawama.