Ng'ombe Wawili wa Mjomba

Mwaka 1954 niliandika kichekesho cha arusi ya dada yangu kule Makambako. Mwanzoni kilisema: "Mjomba Yoeli wa Kifanya, mzito wa kutoa, alipougua alimwahidi Mungu ng'ombe, alipopona akamwahidi wawili, na baadaye akawatoa wote kanisani."

Nikafuta "mzito wa kutoa", maana maneno hayo yalifichua mshangao mapema. Nikafuta Kifanya. Nikafuta na mwisho, kwani neno lolote baada ya mshangao hupoza kicheko. Kikabaki: "Mjomba alipougua alimwahidi Mungu ng'ombe, alipopona, akamwahidi wawili."

Nilipokisoma arusini, wakwe walicheka hadi machozi, wakimtazama Mjomba. Mjomba naye alicheka, kisha akaniinamia.

"Mpwa wangu, ng'ombe wangu umewapeleka wapi?"

Niliikunja karatasi. Sikuweza kumtazama.