Taa Isiyopepesa ya Kiambere

Kitu cha kwanza alichokiona Kagure ni taa. Mbuzi walipita mbele ya dirisha la zahanati, lori la kokoto likafuata na kuziba njia yote ya kuelekea mnara, vumbi likapanda, likatua, na ile taa ndogo ya rauta, kile kisanduku cha intaneti, ikabaki kijani vilevile, kama jicho la mtu asiyepepesa.

Simu ya majaribio aliyoishika haikuwa hivyo. Hiyo ilipumua. Lori lilipoziba, namba yake ya kupima mawimbi ya mnara ilishuka hadi nne. Lilipopita ikapanda hadi saba, kisha ikatulia kwenye sita.

Nje, joto lilikuwa limelilaza bwawa la Kiambere. Maji yalielea juu ya nchi, vilima vya ng'ambo vikaelea juu ya maji, na Kagure akawaza kwamba maneno ya mnara nayo yanaelea hapo katikati, makundi makundi kama nyuki, yakitafuta dirisha.

"Amekatika tena!" Sista Marcella, muuguzi wa zahanati, akapiga skrini kofi. Daktari wa Embu aliyekuwa akimwelekeza namna ya kumpima mama mjamzito alikuwa ameganda, mdomo wazi. "Yeye anatuona sawasawa. Sisi ndio tunaletewa mdomo leo, sauti kesho. Hiyo busta yenu, huo mnara, ina nini?"

Mama aliyelala kitandani alicheka, kisha akashika tumbo. Wote walijua: rauta ikishindwa leo, itarudishwa Embu, na akina mama wataanza tena kupanda boda boda hadi mjini na matumbo yao.

"Mnara hauna neno, Sista," alisema Mukiri, fundi aliyekuja na Kagure kuijaribu rauta. "Ona ripoti ya rauta: kumi na tatu, na mwisho ni kumi na tano. Mimi nimeshindwa. Kagure, leta boksi tuirudishe."

Kagure hakuleta boksi. Hakupenda kusema mbele za watu, kwa hiyo aliiweka simu kando ya rauta na kuvisukuma vyote mbele ya Mukiri. Sita. Kumi na tatu.

"Hii haipepesi," alinong'ona. "Hata lori likipita."

Mukiri aliinama juu ya kompyuta yake. Karibu kila kifurushi cha data kilikuwa kimetumwa zaidi ya mara moja. Akapiga mluzi.

"Ni hivi, Sista. Rauta humwambia mnara inavyosikia. Ikisema nasikia vizuri sana, mnara huongea haraka: hupakia mengi katika kila wimbi, na hupunguza ile akiba ya kurekebishia yanayoharibika njiani. Ikisema sisikii vizuri, mnara hupakia machache na kuongeza akiba. Sasa hii inadai inasikia, na haisikii. Vifurushi vinafika vimeharibika, vinaombwa upya."

"Kumbe ni mwongo!"

"Imeundwa vibaya tu."

"Na mnara haushtuki? Hata mume wangu hushtuka."

"Hushtuka. Kila ukiombwa kurudia, hupunguza kidogo imani yake kwa ripoti. Lakini punguzo hilo lina mpaka, na hapa mpaka umewekwa karibu mno."

Akampigia Nyaga, aliyekaa kwenye chumba cha mitambo Embu.

"Nyaga, sogeza mpaka wa masahihisho wa mnara huu. Uweze kuishuku ripoti zaidi."

"Utashusha spidi, wewe!"

"Shusha, bana."

Walingoja. Taa ilibaki kijani, ripoti ilibaki kumi na tatu, lakini mnara ulianza kuipuuza, hatua kwa hatua, kama mtu anayepunguza sauti chumbani mwa mtoto. Vifurushi vya kurudiwa vikapungua hadi kimoja katika kumi, basi. Mdomo wa daktari ukafungika. Macho yakaja, mikono ikaja.

"Mama, geukia ubavu wa kushoto," alisema, na mama akageuka.

"Inaongea polepole, na inafika upesi," Sista Marcella akastaajabu. "Acheni rauta yangu hapo."

Jioni walirudi kwa gari, bwawa likiwa shaba kandokando yao. Mukiri aliendesha, upande wa kulia wa Kagure, akisema jambo refu, uso umelainika. Asubuhi pia, walipotoka Runyenjes, alikuwa amemuuliza jambo kwa uso huohuo. Kagure alijibu "sawa", kama alivyojibu siku zote, na Mukiri akatabasamu mpaka Kiambere. Alikuwa amekubali nini?

Sasa Mukiri alimaliza, akingoja jibu. Neno "sawa" lilikuwa tayari mdomoni, kijani. Kagure alilimeza.

"Mukiri, sikio langu la kulia halisikii. Ni tangu utotoni. Ukiendesha, maneno yako mengi hayanifikii. Simamisha gari, uniulize tena. Polepole."