Boksi Lisifunguliwe Mpaka Nije

Fundi saa hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, lakini binti yake alipoahirisha safari kwa mara ya tatu, alipanda kwenye stuli, akalishusha lile boksi kutoka juu ya kabati, akalifungua.

Tusimlaumu haraka. Ungekaa na hamu kama ile ungelifungua mapema zaidi, tena kwa meno.

Ndani ya boksi kulikuwa na madabodi, ile bodi kubwa ambayo vitu vyote vya kompyuta hupachikwa juu yake. Aliyeinunua ni binti yake, ambaye fundi huyu alimwita Sumaku tangu utotoni, kwa sababu skrubu ikidondoka chini ya meza ya saa, hata iwe ndogo kama chawa, yeye ndiye aliyeiona. Enzi hizo baba na mtoto walikuwa wakikusanya kompyuta mbovu za watu na kuziunganisha mpaka moja inawaka. Mama yake alilalamika kwamba nyumba imegeuka jalala. Baadaye mama akafariki, Sumaku akapata kazi nchi ya mbali, na meza ikabaki ya saa peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka Sumaku akasema, "Baba, safari hii tunajenga mpya, kutoka dukani." Akaagiza kipande kimoja kimoja kwa mtandao. Duka alilonunulia madabodi lina desturi yake: kila boksi hufunguliwa kabla ya kutumwa, soketi ya prosesa, kile kitako cha pini unapokaa ubongo wa kompyuta, ikamulikwa tochi na kupigwa picha, ndipo mzigo uondoke. Sumaku aliwaandikia wasifanye hivyo. Boksi lisifunguliwe, alisema, tutalifungua wenyewe, mimi na baba. Wakamsikiliza, na baba naye akaahidi kulisubiri. Mteja ni mfalme, hata akikosea.

Basi siku ile fundi saa akaitoa bodi, akaiweka kwenye meza yake chini ya taa, akabandua taratibu kifuniko cheusi cha plastiki kinacholinda soketi. Hakuwa na nia ya kujenga kitu. Alitaka kuiona tu. Akavaa lenzi yake ya jichoni kwa mazoea, na papo hapo akainama zaidi. Pini za soketi husimama zote kwa mwelekeo mmoja, mamia kwa mamia, na ukizitazama kwa ubavu zinameta sawasawa. Hizi za pembeni, karibu na alama ya pembetatu, zilikuwa zimelala. Nyingine zilikuwa zimeegemea za jirani kabisa.

Mkono wake ulikwishashika kibano. Mtu aliyenyoosha nywele za saa, zile springi nyembamba kama uzi, maisha yake yote, unadhani angeshindwa na pini? Lakini aliwaza kwamba hiki si kitu chake, ni chao wawili, akakiweka kibano chini akaenda kumwita jirani, anayetengeneza kompyuta duka la tatu kutoka lake.

"Umeigusa?" jirani aliuliza kabla hata ya kuinama.

"Sijaigusa."

"Umeweka prosesa?"

"Sijaweka chochote."

"Afadhali. Mzee wangu, najua mikono yako, ila usithubutu. Ukinyoosha, watakwambia uliivunja wewe. Rudisha hicho kifuniko, maana bila hicho hawaipokei. Tupige picha, uandike barua."

Wakapiga picha, tochi ikimulika kwa ubavu, namba ya bodi ikionekana. Fundi saa akaketi kuandika kwa mkono, kama alivyozoea. Sehemu ya kwanza ilimtoka vizuri.

*Yah: Ombi la kubadilishiwa madabodi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madabodi mliyotutumia imefika ikiwa na pini zilizopinda kwenye soketi. Sijaweka prosesa wala kugusa pini, na kifuniko chake ninacho. Picha nimeambatanisha. Naomba mnibadilishie.*

Jirani akasoma, akakuna kichwa. "Hapa hujamaliza. Mzigo ulifika lini na wewe unalalamika lini? Swali la kwanza la muuzaji litakuwa hilo: mlikuwa wapi muda wote huu? Usipowaeleza, barua inaishia kapuni."

Ndipo fundi saa akaandika kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

*Mtauliza kwa nini nimechelewa. Boksi lilikuwa linamngoja binti yangu. Kila aliposema anakuja nililipangusa vumbi, na kila aliposema haji nikalirudisha juu ya kabati. Yeye nilimwambia hakuna neno. Leo nilishindwa, nikalifungua peke yangu ili nijione kama tuko wote. Sina cha kujitetea zaidi ya hamu ya mwanangu.*

Jirani akaichapa yote, akapenga kamasi mara moja akasingizia vumbi. Kisha akauliza, "Iliagizwa kwa akaunti ya nani?"

"Ya Sumaku."

"Basi barua lazima itoke kwake. Ikitoka kwako hawakujui."

Mzee wa watu akairudia barua kuisoma. Kumwandikia muuzaji asiyemjua lilikuwa jambo jepesi. Muuzaji asingemwona usoni. Mtoto je? Mtoto angejua kwamba ahadi imevunjwa, na angejua mengine. Akafikiria kuifuta ile aya. Lakini bila aya hakuna kubadilishiwa, na bila madabodi, aliwaza, mtoto atarudi kufanya nini?

"Tuma," akasema.

Siku zilizofuata alifungua saa za watu na kuzifunga, na simu aliiweka mezani, uso juu. Sumaku hakupiga. Fundi saa akajiambia amekasirika. Halafu akajiambia yuko kazini. Mteja mmoja akarudishiwa saa ya mwenzake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu duka lifunguliwe.

Simu ilipolia hatimaye, ilikuwa mchana, duka lina watu. Akatoka nayo nje.

"Wamekubali," alisema Sumaku. "Wameangalia namba. Walikuwa na nyingine kutoka katoni hiyohiyo, pini zimelala pembe ileile, wakaigundua walipoimulika. Yetu waliipitisha kwa sababu mimi niliwakataza kufungua."

"Nami nimeifungua bila wewe. Unisamehe, mama."

"Wana sharti. Hawatumi tena boksi lisilokaguliwa. Ama walifungue wao halafu watume, ama mmoja wetu afike kaunta wakalifungue mbele yake. Duka liko karibu na uwanja wa ndege, baba. Ningeshuka ningepita. Ila nikiomba ruhusa sasa hivi bosi atanuna. Unataka nifanyeje?"

Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: wafungue tu, mwanangu, usijisumbue, kazi kwanza. Lilikuwa jibu la heshima na lisilomchosha mtu. Kwa jibu hilo alikuwa amekaa peke yake mwaka mzima.

"Hilo boksi hata wakilitupa baharini sijali," alisema fundi saa, katikati ya watu wanaopita. "Nina hamu na wewe. Njoo."

Akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Sikujua, baba," alisema Sumaku. "Muda wote huu nilidhani unaisubiri kompyuta."