Gunia la Pili

Mama Mvuke hakuwa mtu wa kununua mchele kwa macho. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa uuguzi aliowapikia bwenini kwa miaka kumi na saba. Walimzoea akiinamia sufuria, anafunua mfuniko kidogo, ananusa mvuke, na uso wake unasema kila kitu kabla hajaonja.

Asubuhi ile alifika dukani na kitambaa cheupe mkobani, kama kawaida yake. Duka lenyewe lilikuwa la marehemu mzee mmoja aliyemuuzia mchele tangu siku ya kwanza ya kazi. Sasa alilishika mkwewe, kijana wa miaka thelathini na kitu, miwani puani, kalamu sikioni. Wachukuzi wakamwita Msomi. Mmoja wa wachukuzi hao alikuwa mdogo wake Mama Mvuke mwenyewe, mwanamume mwembamba kama ufito, ndiyo maana wakampa jina la Bonge.

"Bonge yuko wapi?" aliuliza hata kabla ya salamu kuisha.

"Amelala, mama," Msomi alijibu, akielekeza kidole nyuma. "Jana walipakua lori mpaka wakachoka hoi. Nimemwacha apumzike."

Mama Mvuke akatikisa kichwa. Bonge alikuwa na chumba chake nyuma ya ghala, kimetengwa na mbao tu. Alipendelea pale kuliko kulipa kodi. Dada yake alikuwa amelalamika mpaka akachoka mwenyewe.

"Haya, nionyeshe mchele wa supa."

Msomi akamwonyesha gunia la kilo mia lililofunguliwa mdomo. Mchele ulipendeza kweli: punje ndefu, nyembamba, zinang'aa. Mama Mvuke akatandaza kitambaa juu ya meza na kumwaga kiganja kimoja. Akazitenga kwa kidole, nzima huku, chenga kule. Chenga zilikuwa chache. Akang'ata punje moja kwa meno ya mbele, ikakatika kwa mlio mkavu. Vizuri, haina unyevu. Akachota tena, akaufumba mkononi, akaupulizia pumzi ya moto, kisha akaufungua puani.

Harufu ilimjia mbio mno. Ilikuwa tamu, nzito, kama ya sabuni ya kuogea. Supa halisi hainukii hivyo ikiwa mbichi. Hunong'ona tu, halafu husema kwa sauti ikipata moto.

"Huu umevunwa lini?"

"Msimu uliopita. Wa zamani, mama, unavimba sufuriani mpaka unashangaa mwenyewe."

Hicho ndicho alichokitaka. Mchele mpya hunywa maji kidogo na kushikana. Ukiuacha kwenye masufuria makubwa ya bwenini kwa saa moja, unageuka uji. Uliokaa huvimba na kuachana punje kwa punje hata ukisubiri. Lakini maneno ya muuzaji hayavimbi sufuriani.

"Niletee bambo," akasema.

Msomi akacheka kidogo. "Mama, juu na chini ni kitu kimoja."

"Basi bambo halitakuumiza."

Kile chuma chenye mfereji kilikuwa kimetundikwa ukutani, mahali pale pale alipokitundika mzee. Mama Mvuke akakitia ubavuni mwa gunia, chini kabisa, akakizungusha na kukichomoa. Mchele uliotoka ulikuwa mwingine. Punje fupi, zenye tumbo jeupe kama chaki, zimechanganyika na ndefu, na chenga nusu kwa nusu. Harufu ya sabuni ilikuwepo, ila hafifu.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na jiko dogo la gesi, ambalo mzee alilitumia kuwapikia wateja wake kikombe kimoja kabla ya kuuza gunia. Mama Mvuke akaliwasha mwenyewe.

"Mama, tutakaa hapa mpaka lini?" Msomi alisema. Mkono wake ulikuwa unagusagusa kalamu.

"Mpaka maji yakauke."

Akaosha kikombe kimoja cha mchele wa chini. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, na harufu yote ya sabuni ikaondoka nayo. Walikuwa wameupaka manukato. Akapima maji, kikombe kimoja na nusu, akaweka chumvi kidogo, akafunika, akapunguza moto na kungoja. Nje mkokoteni ulipita. Aliangalia kona za duka. Hapakuwa na nondo hata mmoja wa mchele, wala kidudu kimoja kikitembea juu ya gunia. Mwaka uliopita walikuwa wanajaa mpaka anawapukuta kwenye kanga.

Alipofunua, mvuke haukuwa na harufu yoyote, labda ya maji ya moto. Akachota kwa kijiko. Punje nyingine zilikuwa zimepasuka na kulowana, nyingine zimebaki na kiini kigumu katikati, kwa sababu mbegu mbili tofauti haziivi kwa wakati mmoja. Akamwekea Msomi kijiko mbele.

"Tafuna."

Akatafuna. Akatazama chini.

"Nimewalisha wasichana wale miaka kumi na saba," alisema Mama Mvuke. "Hawajawahi kuniuliza kama nimeishiwa akili. Unataka waanze leo?"

"Samahani, mama. Msambazaji ndiye..." Akaona macho yake, akaiacha sentensi hapo. "Upo mwingine ghalani. Huo haujaguswa. Supa tupu, nakuapia."

Akaenda mwenyewe, akarudi akiburuta gunia la pili lililoshonwa. Alipolisimamisha alikohoa, kikohozi kikavu, kikamshika kwa muda. Macho yalikuwa mekundu.

"Una mafua?"

"Vumbi tu."

Mama Mvuke akatia bambo katikati ya gunia. Mchele ulikuwa mzuri, punje ndefu zote za aina moja. Alikuwa tayari kufurahi. Kisha akaona, kati ya punje, unga wa kijivu, laini kama majivu ya sigara. Akainama kunusa, kama alivyoinama maisha yake yote, na harufu ikampiga. Kitunguu saumu. Kitunguu saumu kilichooza pamoja na samaki.

Aliruka nyuma, bambo likaanguka sakafuni.

Aliijua harufu hiyo. Miaka mingi nyuma mzee alimfukuza mlangoni kwa mikono miwili, akamwambia ghala limetiwa dawa na halifunguliwi kwa wiki nzima. Ni vidonge, alimweleza, vinavyokutana na unyevu wa hewa na kutoa gesi. Gesi inaua wadudu, panya, na mtu pia. Unafunika mchele kwa turubai, unafunga, unahama. Hutii kidonge ndani ya gunia la kuuza.

"Umetia dawa lini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jana jioni. Vidonge vichache tu kila gunia la ghalani, wadudu walikuwa wengi, na sikutaka kufunga duka wiki nzima..."

"Na Bonge amelala huko?"

Msomi alifungua mdomo. Miwani ilimteleza mpaka ncha ya pua. "Kuna mbao katikati," alisema.

Mama Mvuke alikuwa ameshafika uani. Muda wote ule, kikombe cha maji, moto wa chini, dakika za kungoja, mdogo wake alikuwa nyuma ya ukuta huo. Aliufikiria mvuke ule usio na harufu, akapaza sauti.

"Fungua mlango mkubwa! Vunja dirisha! Zuia pumzi ukiingia!"

Msomi alishika ndoo ya maji, akawa anakimbilia ghalani. "Niyamwagie magunia?"

"Weka chini maji! Yatazidisha gesi!"

Milango ya ghala ilifunguka na joto zito likatoka nje. Mama Mvuke alivuta pumzi moja nje, akafunga kanga puani ingawa alijua kanga haizuii gesi, akakimbia kuzunguka nje hadi mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Alipiga kwa bega mara mbili. Mara ya tatu Msomi alipiga naye, na komeo likang'oka.

Bonge alikuwa sakafuni kando ya mkeka, kama mtu aliyejaribu kuufikia mlango. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Walimburuta kwa makwapa mpaka barabarani, wakamlaza kivulini, na Mama Mvuke akamfungua vifungo vya shati.

"Bonge. Bonge, mimi dada yako."

Akatapika. Kisha akavuta hewa kwa sauti kama mlango mbovu. Macho yalifunguka nusu.

"Kichwa," alisema. "Kifua kinabana, dada. Niliota napika samaki."

Mchukuzi mmoja alileta pikipiki ya magurudumu matatu, wakambeba. Hospitalini daktari alimsikiliza Mama Mvuke mpaka mwisho, akauliza juu ya vidonge, akauliza vilitiwa saa ngapi, akamwambia ukweli bila kuupamba: dawa ya kuiondoa sumu hii hakuna, watamsaidia kupumua na kuangalia moyo, na usiku wa kwanza na wa pili ndio wa kuogopa. Mmoja wa wauguzi wa zamu ile alikuwa amekula ugali na wali wa Mama Mvuke miaka mitatu. Alimshika mkono.

Bonge aliishi. Alikaa kitandani siku kumi na moja, na alipotoka hakuweza tena kubeba gunia; ngazi mbili zilimfanya asimame ashike ukuta. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Mchana ule ule, akiwa bado amekaa kwenye benchi la korido, Mama Mvuke alimwona Msomi akija na afisa wa afya. Miwani alikuwa ameivua. Ghala limefungwa, afisa alisema, magunia yamehesabiwa. Yanapungua matatu.

"Niliyauza asubuhi," Msomi alisema. "Kabla hujafika, mama."

"Kwa nani?"

"Moja kwa mwenye mgahawa wa kona. Ameshaambiwa, amelitoa nje. La pili kwa jirani yangu, nimelitoa mwenyewe. La tatu..." Alimeza mate. "Mwanamke mmoja. Simjui. Alikuja na mkokoteni, akaelekea barabara hii ya hospitali. Ana watoto wawili. Aliuliza kama mchele unaachana. Akasema nyumba yao ni ndogo, atauweka chini ya kitanda."

Mama Mvuke alisimama. Alimwambia muuguzi amwangalie ndugu yake. Akatoka kwenye jua la alasiri, akaanza na nyumba ya kwanza mkono wa kulia wa barabara ile, akabisha, na kuuliza kama kuna mtu ndani aliyenunua gunia la mchele leo. Hakuna. Akaenda ya pili. Jua lilikuwa limeinama, na mtaa ulikuwa mrefu.